Glopu Iliyoungua na Fanusi za Mpishi

2 Machi

Mdogo wangu,

Kabla ya salamu, lililopotea. Mama amepoteza jioni zake. Jumamosi ya tarehe nane Februari alikosea kipandio cha kibarazani akaanguka, na tangu siku hiyo jua likizama anajifungia chumbani kama kuku. Mkono umepona. Woga haujapona.

Sasa salamu. Mimi mzima, karakana nzima, mageti matatu yanangoja rangi. Fundi cherehani wa pembeni anakusalimu, na kinyozi anauliza kama huko uliko bado una nywele. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako haipatikani tangu Desemba. Nimepiga mpaka yule mwanamke wa kwenye mtandao nimemzoea kama wifi yangu.

Neno lenyewe ni fupi. Mimi nashinda karakanani toka asubuhi, na mama hawezi kukaa peke yake akitazama ukuta. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, daktari amethibitisha. Wewe uliniandikia mwaka jana kwamba umepata nyumba, sebule ya kucheza mpira, na veranda juu. Basi ni zamu yako. Mimi nilianza na msumeno mmoja wa kukopa, nikajenga karakana huku namlea mama. Sijakuomba kitu. Leo naomba: mchukue mama akae kwako mpaka akili yake itulie.

Mengine madogo. Januari wezi walinibebea kebo zote za kuchomelea. Nikafunga taa kubwa ya ulinzi juu ya geti, inaonyesha hata sindano iliyoanguka. Hawajarudi.

Na ile nyumba tupu ya mbele yetu imepata mpangaji. Mwanamke wa makamo, peke yake. Alihamia na vikapu viwili na gunia la makopo matupu. Nikimsalimia anaviitikia viatu vyake. Makopo ya nini, sijui.

Dada yako.


11 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa kunifikia, usinune. Mimi sijambo, kazi zipo, hali ya hewa huku ni ya kulalamikia kama kwingine. Mwambie kinyozi nywele ninazo, zimehamia kidevuni.

Pole sana kwa mama. Mpe pole yangu, mwambie mwanawe anamwota akikwaruza sufuria. Hilo la kumleta huku nimelisikia na ninalipanga. Kuna mambo ya kuweka sawa kwanza nyumbani. Nitakuandikia.

Lakini dada, huwezi kunitajia mtu mwenye gunia la makopo kisha ukatia nukta. Ni mnunua vyuma chakavu? Amekuja kukuharibia soko? Niambie.

Sanduku la posta nililolitumia zamani usilitumie tena. Tumia hili la kazini.

Mdogo wako.


29 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko wazima. Fundi cherehani amepata mjukuu, kinyozi amepandisha bei, mama anakula lakini hasemi. "Ninalipanga" si jibu. Mtu hupanga matofali, halafu watu wanaona ukuta.

Kuhusu makopo, hata mimi nilidhani ni mshindani. Nikamchunguza. Yule mama ni mpishi wa jikoni ya shule. Mtaa mzima sasa unamwita Mpishi, maana jina lake hakuna aliyethubutu kumuuliza. Anaondoka alfajiri, anarudi alasiri, na kila akirudi amekumbatia kitu kwenye gunia kinachodondosha maji. Nikajiuliza, anaiba samaki? Siku moja nilivuka na kisingizio cha kuomba kiberiti. Mdogo wangu, mtu ana kopo kubwa la nyanya, lile la kilo kadhaa, na ndani mna barafu iliyoganda kama jiwe!

Hakunifukuza. Nikasimama mlangoni nikaangalia kazi, na kazi ya chuma mimi siionei aibu. Anajaza maji lakini hajazi kopo mpaka ukingoni, anaacha vidole viwili juu, kwa sababu maji yakiganda yanavimba. Anagandisha kwenye friza la shuleni. Hata hivyo kitako cha kopo hutoka kitambi, naye hukipiga nyundo kikarudi. Kisha anafunga karatasi yenye alama kuzunguka kopo, analilaza juu ya taulo, anashika msumari na nyundo, tundu moja baada ya jingine. Barafu inashikilia bati kwa ndani, kwa hiyo bati halibonyei. Ningelipiga kopo tupu vile, lingekunjamana kama uso wa mdaiwa. Na ncha kali za tundu zote zinabaki ndani, nje laini, mtoto akishika hakatwi.

Barafu ikiyeyuka anamwaga, anatoboa matundu matatu chini kabisa ya kuingizia hewa, anamimina mchanga kitakoni, anasimika kipande cha mshumaa katikati. Juu anaacha wazi moshi na joto vitoke. Waya mrefu wa kushikia, kusudi mkono usiungue.

Ni fanusi. Makopo yote yale ni fanusi. Jioni anaweka tatu kwenye vipandio vyake, chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, kisha anakaa nyuma ya pazia. Mimi sioni faida. Mshumaa mmoja ndani ya bati lenye vitundu! Taa yangu inavimeza vyote.

Bado nangoja jibu la mama.

Dada yako.


3 Juni

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa barua fupi, naandika nimesimama. Mzima. Mambo ya nyumba bado hayajakaa sawa, usimwambie mama chochote kwanza.

Nimewasomea wenzangu ile habari ya barafu. Kuna mmoja amesema ni uongo, mwingine amesema ni kweli, wamekaribia kupigana. Tuambie anaziwekea nini chini badala ya kuzitundika juu. Mwenye akili hutundika taa juu.

Mdogo wako.


8 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. "Nimesimama"? Nyumba yenye sebule haina kiti?

Nyumbani kuna habari, na nitaanza na mama: ametoka nje.

Katikati ya Juni umeme ulikatika mtaa mzima, mara tu giza lilipoingia. Taa yangu ikazimika. Nikatoka kutafuta tochi, nikakuta ukuta wa karakana yangu, ule niliopaka chokaa nyeupe, umejaa nyota. Mtaa wetu unaujua, hauna hata upana wa mita nne na nusu, na zile fanusi tatu za Mpishi zilikuwa zinamwaga mwanga wao wote kuvuka njia mpaka kwangu. Duara kubwa la nukta, na pembeni yake kitu kama jani. Kumbe zilikuwa zinafanya hivyo kila jioni toka Machi, juu ya ukuta wangu, na hakuna aliyewahi kuziona.

Watoto walikuja kwanza. Halafu fundi cherehani na mjukuu mgongoni, halafu kinyozi na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Fundi akagundua kitu: kila nukta ukiikaribia si nukta, ni kimoto kidogo, na kimeinama kichwa chini miguu juu. Upepo ukivuma, moto ndani ya kopo ukalala kulia, vimoto vya ukutani vyote vinalala kushoto. Tulibishana hapo mpaka koo zikakauka. Mimi nikawaeleza kwamba mwanga unakwenda mstari mnyoofu. Unaotoka ncha ya juu ya moto ukipita kwenye tundu dogo unashuka, na wa chini unapanda, miale inapishana tunduni. Kinyozi akasema, "Fundi geti, wewe umeanza lini kuwa mwalimu?"

Nikageuka, mama amesimama kibarazani. Ameshuka vipandio vyote bila kushikwa. Nikamuuliza umepitaje, akasema, "Taa ya huyo mwenzenu hainipigi machoni. Naiona njia." Halafu akakaa mahali pake pa zamani kama hakuwahi kuondoka.

Umeme uliporudi taa yangu iliwaka, ukuta ukafutika, na mtaa mzima ukaguna. Mama akaweka kiganja usoni akarudi ndani akipapasa.

Wiki hiyo hiyo, kwa bahati mbaya, glopu ya taa yangu iliungua. Kwa hiyo sasa tuko gizani, na mama anatoka kila jioni.

Jibu lako kuhusu kuweka chini: nilimuuliza Mpishi mwenyewe. Alitazama viatu vyake muda mrefu, akasema, "Ukiweka juu, mtu anaona taa. Ukiweka chini anaona anapokanyaga." Hiyo ndiyo sentensi yake ndefu kuliko zote mpaka leo.

Lakini usidhani nimesahau. Mama akikaa nje jioni, mchana bado yuko peke yake. Zamu yako iko palepale.

Dada yako.


30 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya mama. Nilipofika pale aliposhuka vipandio niliacha kusoma kidogo. Wenzangu waliniuliza kama barua ina msiba.

Mimi mzima. Kikohozi kidogo, kimepita.

Sasa dada, nivumilie. Nakujua toka tumbo moja. Ukikatika mkanda wa mashine alfajiri, saa mbili umeshafungwa mwingine. Wewe ulitengeneza redio ya Baba kwa kijiko. Na leo unaniambia glopu imeungua katikati ya Juni, na hadi unaandika Julai haijabadilishwa, penye wezi wa kebo? Glopu gani hiyo, ya dhahabu?

Na swali moja dogo, wala usikasirike. Taa ile uliifunga Januari. Mama alianguka Februari. Alikosea kipandio wakati anatoka ndani kwenye giza, au wakati anatoka ndani kwenye mwanga ule? Mtu mwenye mtoto wa jicho akipigwa na taa kali usoni haoni kitu ila weupe mtupu. Mmoja wa wenzangu hapa mama yake ana maradhi hayo, ndiye aliyenieleza.

Mimi sisemi kitu. Nauliza tu.

Nitumie ile karatasi yenye alama, nami nijaribu kutengeneza fanusi. Makopo huku yapo.

Mdogo wako.


14 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Kikohozi hakipiti chenyewe, tafuta asali.

Swali lako sikulielewa vizuri, mwandiko wako umekuwa mbaya. Glopu ya aina ile madukani haipatikani. Nimeuliza.

Kuhusu wezi, hawaji. Mwizi hupita penye taa na hakuna watu, hapiti penye watu. Na watu sasa wapo. Kila mlango una fanusi yake kwenye kipandio, kutoka kwa kinyozi mpaka kona. Si kwamba tulifika hapo kwa akili. Kinyozi alidharau barafu, akapiga msumari kopo tupu, likapondeka. Fundi cherehani alisimika mshumaa mpya wenye utambi mrefu. Moto ukawa mkubwa, vimoto vya ukutani vikavimba vikagusana, ikawa ukungu, na kopo likajaa masizi. Na mimi, nisikufiche, niliona nyundo ni ushamba nikatumia mashine ya kutobolea, keekee kubwa. Matundu yakatoka kama macho ya ng'ombe. Ukutani pakawa na mabaka tu. Watoto wanaiita fanusi yangu Chui.

Mpishi hakumcheka mtu. Asubuhi yake kila mmoja aliyeharibu alikuta mlangoni kopo lililogandishwa tayari, limevikwa karatasi ya alama, na msumari mwembamba juu yake. Hakubisha hodi kwa yeyote.

Na kazi ya tambi ameikabidhi kwa mama, sijui walielewanaje, nadhani bila maneno. Kila alasiri watu wanaleta vipande vya mishumaa kibarazani. Mama anapapasa utambi, anaupima kwa ukucha wa kidole gumba, nusu ukucha, unaozidi anakata kwa mkasi. Macho hayahitajiki. Jana alimrudisha kinyozi mara mbili akaweke mchanga zaidi. Mchana pia hayuko peke yake, maana watu huleta vipande mapema ili wapate na maongezi. Mpishi naye akirudi kazini hukaa naye. Juzi nimewasikia wakicheka. Nilikimbia mlangoni kuchungulia, nikakuta wamenyamaza wote wawili kama wanafunzi.

Karatasi ya alama nimeiambatanisha. Fuata vipimo: kopo liwe lenye upana wa sentimita kumi na sita, mshumaa katikati, yaani moto uwe sentimita nane kutoka kwenye bati. Duara la matundu liwe na upana wa sentimita nne. Nimepima ukutani kwa futi, kwa raha yangu. Kwa Mpishi hadi ukutani kwangu ni mita nne, duara linatoka mita mbili. Kwa fundi cherehani hadi ukuta wa mbele yake ni mita tatu, linatoka moja na nusu. Siku zote nusu ya umbali, kama vile nne ni nusu ya nane. Hesabu haina upendeleo.

Daktari wa macho ametupa siku ya upasuaji wa jicho la kwanza: tarehe ishirini na nane Novemba. Mama amesema atakapofunguliwa bandeji anataka auone mtaa, na watoto wake wawili. Wewe umemkaribisha kwako au hujamkaribisha? Nimeuliza toka Machi.

Dada yako.


20 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Mzima, asali nimenywa.

Nimeitengeneza! Barafu ilinipa kazi, nilimbembeleza muuza soda anigandishie kopo kwenye friza lake. Matundu yangu mazuri kuliko ya Chui wako. Nililiweka kopo chini, nikalisukuma mpaka likagusa ukuta wa mlangoni, mwanga ukaangukia ukuta wa pili, mwisho kabisa wa chumba. Nikalipima lile duara kwa futi ya marehemu Baba, mita moja kamili, bila kuzidi. Na vimoto vimepinduka kama mlivyosema. Aliyesema ni uongo ameomba radhi. Wote walikaa vitandani wanatazama, hakuna aliyewasha redio.

Dada, sikujua kama mwanga mdogo hivi unaweza kunyamazisha watu.

Kuhusu mama, mwambie nampenda. Mambo ya nyumba yatakaa sawa mwakani. Novemba kazini kuna shughuli nyingi.

Msalimie Mpishi. Mwambie kuna mtu mbali anayefuata karatasi yake.

Mdogo wako.


2 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezifikisha. Mpishi alivitazama viatu vyake, halafu akaniuliza unapenda alama gani, duara au jani. Yeye aliniuliza mimi! Mama mzima. Kinyozi amejifunza kugandisha kopo na sasa anafundisha wengine kama alizaliwa ndani ya friza.

Barua yako nilimsomea mama yote isipokuwa mistari michache. Ile ya duara niliipita haraka. Nitakueleza kwa nini.

Duara la mita moja. Nilikuandikia mwenyewe kwamba siku zote ni nusu ya umbali. Kwa hiyo kutoka kwenye kopo lako hadi mwisho kabisa wa chumba ni mita mbili. Kopo lilikuwa limegusa ukuta wa nyuma yake. Basi chumba ni mita mbili na upana wa kiganja. Na ndani yake mna vitanda, si kitanda, na watu wanaokaa juu yake. Sebule ya kucheza mpira iko wapi, mdogo wangu? Veranda umemwachia nani? Simu haipatikani, sanduku la posta la kazini, barua imeandikwa umesimama. Nilikuwa navisoma kimoja kimoja toka Aprili na kuvikasirikia. Ukutani kwako vimejipanga vyote.

Sijui kama ulisahau ile hesabu au uliandika makusudi ili nijue. Sitauliza. Ukija unaweza kuniambia, usipotaka usiniambie. Nilikuwa nimekuchukia kidogo mwaka mzima huu, nakwambia ukweli. Nilidhani una nafasi na hutaki kumpa mama.

Mama haji huko. Aondoke yeye, nani atapima tambi? Juzi aliumwa kichwa hakutoka, fanusi zikafuka moshi mtaa mzima, mpaka Mpishi akavuka njia mwenyewe, akabisha hodi kwetu kwa mara ya kwanza, akasema kwa sauti ya watu wote kuisikia: "Mama hajambo?" Kina kinyozi wakasimama vibarazani wanatazamana kama wameona kipofu akisoma.

Chumba chako cha nyuma nimekitoa vyuma. Kina mita tatu na nusu kwa tatu, nimepima. Karakanani nahitaji mtu wa kupaka rangi mageti, na huyo mtu si lazima awe na sebule. Kwa mama nimesema tu kwamba unakuja kumuuguza. Habari ya chumba chako sitamwambia. Na wewe, ukifika, usimwulize habari ya kuanguka kwake, wala ya glopu. Ngazi bado iko pale getini na taa ile nimeigeuza uso ukutani. Glopu bado imeungua, na itaendelea kuungua.

Sasa sitaki "ninalipanga" wala "mwakani". Mama anaingia hospitali tarehe ishirini na nane, na amesema bila watoto wake wawili mlangoni hapandi kitanda cha daktari. Huyo unamjua, hapandi kweli. Kopo lako limegandishwa tayari, liko kwenye friza la shule, limevikwa karatasi ya duara, na Mpishi amekataa kulitoboa, anasema kila mtu hutoboa lake.

Unakuja au huji? Neno moja tu, na linifikie kabla ya Jumatano, tarehe ishirini na sita, jua halijazama.

Dada yako.